Nywila Niliyoamriwa Niirudishe

Kwenye seva ya kliniki yetu ya Ngagara, nywila ya hifadhidata ilikuwa imeandikwa waziwazi ndani ya kila skripti, yaani programu fupi inayojiendesha yenyewe. Fundi tuliyemfukuza aliondoka nayo kichwani. Niliihamishia kwenye faili moja, mbali na skripti, linalosomwa tu na akaunti ya seva inayoziendesha. Lakini siri iliyokwisha kutoka haiponi kwa kufichwa, kwa hiyo nikaibadilisha.

Asubuhi majibu ya maabara hayakutoka. Kumbe kulikuwa na skripti nyingine mahali fulani, isiyojulikana na mtu, ambayo bado ilitumia nywila ya zamani. Nikamwomba shefu, mkuu wa kliniki, muda wa kuitafuta.

“Apana,” akasema, hata hakuketi. “Wagonjwa wanangoja. We rudisha ile ya zamani.”

“Shefu, ile kila mutu anaijua!”

“Ndiyo maana inafanya kazi.”

Nilitamani kuipiga teke ile seva. Nikairudisha. Majibu yakatoka, na hakuna aliyenisikiliza tena.

Faili langu lipo mpaka leo, limefungwa barabara. Ndani yake mna nywila ya yule fundi.