Zamu ya Mbili Hadi Nane

Dada yangu alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha sare, na baada ya mumewe kufariki hakubadilisha chochote. Aliamka, akawapeleka watoto shule, akakimbilia kiwandani, akatoka saa kumi na moja jioni. Mkubwa alikuwa darasa la kwanza, mdogo chekechea. Shule ilifunga geti saa tisa. Kwanza jirani mmoja aliwachukua, kisha jirani akahama. Basi watoto wakawa wanakaa na mlinzi getini, mdogo amelala juu ya begi la mwenzake.

Mwalimu mkuu alimwita. Hakugomba. Alisema tu kwamba kazi ya mlinzi ni kulinda geti, si kulea, na siku mtoto akitoka na mtu asiyejulikana yeye mwalimu hataweza kumjibu yeyote.

Habari zikamfikia wifi yake, shangazi wa watoto, anayekaa mbali, mwendo wa siku nzima. Akapiga simu.

"Wifi, nipe watoto wa kaka yangu mpaka usimame," alisema. "Mwisho wa mwezi nakuja. Ukiwa umepata kazi ya kueleweka, nitakunywa chai nirudi. Kama hujapata, naondoka nao."

Dada hakumkasirikia. Alijua wifi anasema kweli, na ndiyo maana alikosa usingizi.

Nilimsindikiza kwenye ofisi ya kutafutia watu kazi, kwa sababu mimi ni fundi viatu na kibanda changu nakifunga nikitaka. Mama wa ofisi ile alikuwa mnene, mpole, na maneno yake machache.

"Unataka mshahara au unataka saa?" alimuuliza.

"Nataka vyote, mama."

"Kila mtu anavitaka vyote. Nikuulize tena."

"Saa," dada akasema.

Akamwonyesha kazi ya keshia katika duka kubwa. Tangazo lilisema saa zinabadilika, na dada akafurahi, akidhani atazibadilisha yeye. Mama wa ofisi akatikisa kichwa. "Uliza anayebadilisha ni nani. Hapa ratiba inabandikwa Jumamosi jioni, na Jumatatu unaweza kupangiwa usiku. Anayebadilisha ni bosi. Wewe unabadilishwa."

Ya pili ilikuwa kufungasha sabuni nyumbani. Hiyo nayo dada aliitamani, mpaka alipoambiwa kwamba unalipwa kwa boksi, huna likizo, na mtoto akiugua boksi halifungwi na hela haiji.

Ya tatu ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, jirani kabisa na shule. Kukunja na kupiga pasi mashuka. Mkataba wa mwaka, likizo ya kulipwa, zamu fupi. Kwenye karatasi iliyotumwa na hospitali zamu iliandikwa kwa tarakimu: 2–8.

Dada aliisoma mara mbili. Saa mbili hadi saa nane. Awaache watoto darasani, aingie kazini, atoke kabla geti halijafungwa. Mdogo hutoka mapema, lakini chekechea huwaruhusu wenye ndugu darasani wasubiri kwenye mikeka mpaka saa nane.

"Mungu ameniona," alisema, na mimi nikaona hivyo hivyo. Nilisoma karatasi ileile.

Mama wa ofisi alimpa wosia mmoja tu. "Ukikubaliana na mtu jambo lolote la zamu, liandikwe, msimamizi asaini. Makubaliano ya mdomo yanakufa siku msimamizi akihama."

Dada akaikubali kazi ya hospitali, akaacha ya kiwandani. Kiti chake kikapata mtu siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza alifika saa mbili asubuhi, aproni mkononi. Msimamizi wa kule wanamwita Kamanda, ingawa ni mtu mfupi na sauti yake ya upole. Alimtazama, akatazama ratiba ukutani.

"Umewahi mno, dada. Zamu yako ni saa nane."

"Ndiyo, natoka saa nane."

"Unaingia saa nane. Saa nane mchana mpaka saa mbili usiku." Akagusa karatasi. "Hii inatoka kwenye kompyuta. Mbili ya kompyuta ndiyo saa nane yetu. Ya asubuhi ni hii hapa, 8–2."

Wanawake waliokuwa wakikunja mashuka wakacheka. Mmoja akasema, "Kaja na saa ya bibi yake." Halafu wakamwona uso, wakaacha kucheka. Dada alikuwa ameshika meza kama mtu aliye kwenye ngazi mbovu.

"Nina watoto wawili," alisema. "Hiyo saa unayonipa ndiyo saa wanayotoka shule."

"Nakuelewa. Lakini asubuhi imejaa. Labda mtu akubali kubadilishana nawe. Mimi simlazimishi mtu."

Yule aliyesema la saa ya bibi ndiye aliyeuliza, "Watoto wana umri gani?" Walikuwa wakimwita Mama Pasi. Alikuwa mtu mzima, watoto wake walishaoa na kuolewa, na zamu ya asubuhi aliishika miaka mingi.

Dada alimjibu. Mama Pasi akaendelea kukunja shuka mpaka likaisha.

"Mwenzangu, sikudanganyi, jioni naipenda. Ndiyo saa miguu yangu inapumzika. Nikikupa siku zote nitakuchukia, na kazini tutakaa vibaya. Nakupa Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa ni yangu, usiniombe."

"Sikuombi," dada akasema.

"Na usiniite shujaa."

"Sikuiti."

"Haya. Shika ncha hiyo ya shuka, usisimame kama mgeni."

Kabla ya kushika, dada alimwomba Kamanda aandike. Kamanda alisema si lazima, wao ni watu wazima. Dada akasimama palepale. Mama Pasi akasema, "Mwandikie, bwana, hata mimi nataka ijulikane Ijumaa ni yangu." Ikaandikwa, wakasaini watatu.

Wifi alikuja siku aliyoahidi, na begi tupu la nguo za watoto. Alikaa, akaisoma ile karatasi ya zamu iliyosainiwa, akaanza kuuliza kama hakimu, nami nikatazama viatu vyangu.

"Ijumaa nani anawachukua?"

"Kaka. Wanakaa kibandani kwake mpaka nitoke."

Akanigeukia. "Wewe mwenyewe umekubali, au umekubalishwa?"

"Nimekubali," nikasema.

"Mtoto akishikwa homa?"

"Kuna siku chache za dharura kwa mwaka, za kulipwa. Zikiisha nakatwa."

"Na shule zikifungwa?"

Hilo dada alikuwa akilitegemea. Alikuwa ameshapiga hesabu, akaniambia mimi kabla. Likizo yake ya kazini ingefunika mapumziko mafupi ya shule, na hata hayo ni lazima aombe mapema kabla wenzake hawajaomba siku hizohizo. Mapumziko marefu ya mwisho wa mwaka yalikuwa yanamshinda, na kudanganya hakutaka.

"Zile likizo ndefu sina la kufanya, wifi. Nilikuwa nataka nikuombe."

"Uniombe nini?"

"Uwachukue wakati huo. Shule zikifunguliwa uwarudishe."

Mdogo alikuwa amemlalia wifi mapajani, na yeye anamchezea ukosi wa shati.

"Nilikuja kuwachukua," alisema. "Nimeshawatandikia kitanda."

"Najua."

"Kitanda kitasubiri, basi." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini ukiona zamu inakushinda, usinifiche. Simu yangu unayo."

Alikunywa chai yake mpaka chini, akalikunja lile begi, na asubuhi akaondoka peke yake. Watoto walikuwa shuleni, dada alikuwa kazini, na mimi ndiye niliyemsindikiza.