Meza ya Kaswera

Meza ya ofisi yetu ya mtaa wa Shari ilitengenezwa na mtu wa mkono wa kuume, na watu wa aina hiyo, nikiwemo mimi, hatujui tunavyosumbua wengine. Kaswera alinifundisha hilo, na somo lenyewe lilinikasirisha.

Kazi yetu ni kuingiza fishi za chanjo, yaani fomu za karatasi, kwenye kompyuta. Fishi moja ina namba kumi na nane na hakuna hata neno moja la kuandika. Kaswera, aliyekuja na wazazi wake kutoka Butembo akiwa mdogo, hutumia mkono wa kushoto. Shuleni walimchapa hadi akajifunza kuandika kwa kuume, lakini vidole vya kuume havikujifunza kukimbia. Kibodi zetu ni za Kifaransa: ukitaka namba kwenye mstari wa juu, lazima ubonyeze kitufe cha pili pamoja nayo. Kwa hiyo sote tunatumia namba za pembeni, na hizo ziko kulia. Kaswera alikuwa anavusha mkono wa kushoto mbele ya kifua hadi huko, kisha anaurudisha kushoto kwenye kitufe cha Tab ili aruke hadi nafasi inayofuata. Mara kumi na nane kwa kila fishi. Jioni bega lake lilikuwa limevimba.

Nilimwambia asogeze kibodi. Lakini popote ambapo angeisogeza, umbali kati ya Tab na namba ungebaki uleule. Tena kulia kulikuwa na kipanya, kimefungwa kwa waya wa chuma kwenye mguu wa meza. Vipanya viwili viliwahi kuibwa, na tangu hapo Antoine, mlinzi wetu, hufunga kila kitu kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, kisha anakiandika kwenye daftari lake.

Jumatatu moja chef wetu, mkuu wa ofisi, Didier, alitangaza kwamba asiyefikisha fishi mia na ishirini kwa siku kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata, mkataba wake hautaendelea. Alikuwa anamwangalia Kaswera, ambaye hakuwa amewahi kupita themanini. Kaswera analea wadogo zake wawili mtaani Saio. Niliona, nikainamia fishi zangu, na mpaka leo ninajichukia kwa kuinama kule.

Binamu yake Paluku, anayefuata bidhaa Kampala, aliagizwa kibodi ya watu wa kushoto. Hakuipata. Alirudi Jumatano ya wiki ya mwisho na kibao kidogo cha namba peke yake, chenye waya wake, unachoweza kukiweka upande wowote. Kaswera alikibeba kama yai. Alimpa chef akione, na kwa haraka akampa kwa mkono wa kushoto. Didier hakukipokea.

“Unanipa na mukono gani? Tena, kitu ya USB mu ofisi yangu? Itatuletea virusi.”

Kaswera alikihamishia kuume.

“Chef, hii haina memwari. Iko na namba tu. Mukono yangu haigonjwe. Ni hii meza ndiyo inagonjwa.”

Siku mbili zikapotea hivyo, hadi fundi Serge alipokuja Ijumaa asubuhi na kumthibitishia chef kwamba kibao hakihifadhi kitu. Afadhali, nikasema. Kumbe kompyuta ile ya zamani ilikuwa imebakiwa na matundu mawili mazima tu: moja la kibodi, moja la kipanya. Nilitaka kupiga meza ngumi.

Kaswera akachomoa kipanya.

Alichomeka kibao na kukiweka kushoto, karibu kabisa na Tab. Alipobonyeza, alama ilirukaruka kwenye jedwali bila kuandika kitu. Serge akamwonyesha kitufe cha Num Lock, kinachowasha namba, taa ikawaka. Namba, Tab, namba, Tab. Mwisho wa mstari Enter, na Excel inarudi yenyewe mwanzo wa mstari wa chini. Hakuhitaji kipanya hata mara moja. Mkono wa kuume, ambao haukuwahi kumsaidia, ukawa unafunua fishi. Jioni alikuwa na mia na thelathini na moja. Didier alilalamika kwamba kipanya kimechomolewa bila ruhusa, kisha akasaini mkataba. Mimi ndiye niliyelia.

Jumatatu tulikuta kibao kimefungwa kwa waya wa chuma, mafundo matatu, kwenye mguu wa kulia wa meza, kando ya kipanya. Antoine alikuwa ameshakiandika daftarini. Waya huo ulikuwa mfupi, kibao hakikuweza kufika hata katikati ya kibodi.

Nilifungua mdomo nimtukane. Kaswera alinitangulia. Alimwomba Antoine koleo, akamshukuru, akapiga magoti chini ya meza na kukata mafundo yote. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kutoka kule chini.

“Papa Antoine, lete waya. Leo mie ndo nafunga.”

Antoine akampa. Kaswera akakifunga kwenye mguu wa kushoto.