Barua Niliyomwandikia Mwenye Loji

Kwa miaka mitatu nilifua mashuka na taulo za loji moja ya ufukweni, upande wa Luchelele, na katika miaka hiyo sikumbuki mwezi hata mmoja niliolipwa bila kupiga simu. Kufua hakukunichosha. Nilikuwa na mashine mbili nyumbani kwangu Mkolani na dada mmoja wa kupiga pasi, na mashuka ya loji ile yalirudi meupe kuliko yalivyokuja. Kilichonichosha ni zile simu.

Mwenye loji alikuwa mhandisi mstaafu kutoka Kagera, mtu mpole, asiyekimbilia maneno. Nikimpigia mara ya kwanza aliitikia shikamoo yangu, akauliza hali ya wanangu mmoja mmoja, akasema wiki hii hii. Mara ya pili alikuwa Bukoba msibani. Mara ya tatu hakupokea. Mara ya tano au ya sita, nimeshakopa sabuni dukani na umeme wa luku umekatika, hela ilikuwa inaingia kimyakimya. Mwezi uliofuata tulianza upya.

Nilizoea. Nilijiambia ndivyo biashara za mji huu zilivyo, kila mtu anamdai mtu. Ningeendelea kuamini hivyo kama nisingemfahamu mama wa mayai.

Alitoka Kisesa, Msukuma, mdogo kwangu kwa miaka mingi tu, na kila Jumatatu alileta trei za mayai kwa ajili ya kifungua kinywa cha wageni. Siku moja nilikuwa mapokezi nikihesabu mashuka machafu, yeye akashusha trei zake, akasaini kitabu, akaaga, akaondoka. Nikamwambia dada wa mapokezi, kwa mzaha, kwamba na huyu naye atakuwa na kazi ya kupiga simu.

"Yule?" akasema. "Yule hajawahi kudai hapa. Kila tarehe moja hela yake inaingia yenyewe benki."

Nilihesabu vibaya mashuka siku ile, ikabidi nirudie mara mbili.

Tangu hapo nilianza kumtazama yule mwanamke kwa namna ambayo mwenyewe sikuipenda. Nilitazama viatu vyake. Nilitazama kigari chake cha mizigo, cha mtumba lakini kimepigwa rangi upya, nikajua kimenunuliwa kwa hela iliyofika kwa wakati. Nilipofua nilimfikiria. Mzee akisema "wiki hii hii" nilijiuliza kama na yeye aliwahi kuambiwa hivyo. Hakunikosea chochote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu sikuwa na pa kuishikia chuki yangu. Kwa hiyo nilijitengenezea pa kushikia. Jumatatu moja nilimwambia dada wa mapokezi kwamba mwanamke halipwi vizuri namna ile bure, lazima kuna kitu kati yake na mzee. Nilisema nikiwa nakunja taulo, kama neno la kupita. Yule dada alicheka kidogo, na mimi nikaondoka nikiwa nimeshiba.

Wiki kadhaa baadaye bajaji niliyoikodi kubebea mashuka ilizimika getini, mvua ikinyesha. Mama wa mayai alikuwa anatoka. Akasimamisha kigari, akasema anapita Mkolani, anakwenda Buhongwa akatokee Igoma hadi kwao, nipakie mizigo twende. Sikuwa na namna ya kukataa. Tulikwenda hadi karibu na Nyegezi, ndipo akasema bila kunitazama:

"Nasikia mimi ni hawara wa mzee."

Sikukana. Nilisema tu, "Nisamehe."

Akaendesha kidogo. Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ileile ya kawaida, kama vile nilikuwa nimemuuliza bei ya mayai. Alisema mzee si mwizi wala si mkorofi. Ana hela kidogo na wadai wengi, anamlipa anayempigia kelele zaidi. "Mimi siwezi kelele," alisema. "Nilimwandikia barua. Nikamwomba achague tarehe yeye mwenyewe, aende benki yake ajaze fomu, benki iwe inanihamishia kila mwezi bila mtu kumkumbusha mtu."

Nilimwambia kwake ni rahisi, trei zake ni zilezile kila wiki, mimi mashuka yanapanda na kushuka. Hata hapo nilikuwa namwonea wivu kwa akili yake, natafuta sababu akili hiyo isinifae. Akasema nitafute kiasi ambacho hakishuki chini yake, kiwe ndicho cha kudumu, kinachozidi tuhesabiane na mzee pembeni.

Nilipofika nyumbani nilifungua madaftari. Hakukuwa na mwezi uliokuwa chini ya laki sita.

Barua ya kwanza niliyoiandika ilijaa uchungu wa miaka mitatu, nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kubembeleza, nayo nikaichana. Ya tatu nilikwenda kuichapisha steshenari, nayo ilisema hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Nakushukuru kwa kazi unayonipa. Kila mwezi nalazimika kukupigia mara nyingi kuhusu malipo, na najua simu hizo zinakusumbua kama zinavyonisumbua mimi. Naomba tukubaliane tarehe maalumu ya kila mwezi. Napendekeza tarehe tano, lakini chagua inayokufaa. Naomba pia uielekeze benki yako ihamishe laki sita siku hiyo kwenda kwenye akaunti yangu, ambayo nimeiandika hapa chini. Ikiwa ni sikukuu au mwisho wa wiki, iwe siku ya kazi inayofuata. Hesabu ya mashuka nitakuletea kila mwezi, na kinachozidi au kupungua tutakifunga kila baada ya miezi mitatu. Ukitaka kusitisha, utaiarifu benki, nami utaniambia mapema."

Aliisoma mbele yangu, ofisini kwake, mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena. Halafu akavua miwani.

"Miaka yote hii," alisema, "kwa nini hukuniambia kwamba simu hizi zinakuumiza? Mimi nilidhani ndivyo unavyopenda kufanya kazi."

Wiki ileile alijaza fomu, na tarehe tano ya mwezi uliofuata ujumbe wa benki uliingia nikiwa naanika. Nilikaa chini kwenye beseni lililogeuzwa.

Mwezi wa pili wa mpango huo, ujumbe haukuingia. Tarehe tano ikapita, na sita. Mawazo yangu ya kwanza, bila aibu yoyote, yalimwendea mama wa mayai: yeye wa tarehe moja amekula, mimi nimebakiziwa sufuria. Nilipiga simu, moja tu. Mzee alipokea papo hapo. Alisema benki ilijaribu ikakuta salio halitoshi, kwa sababu ofisi zinazofanya semina pale kwake humlipa kuanzia tarehe kumi. Alinitumia hela kwa simu jioni ileile, na kesho yake akaenda mwenyewe benki kubadilisha tarehe iwe kumi na mbili. Haijakosa tangu hapo.

Nilimrudia dada wa mapokezi nikamwambia nilichosema kuhusu yule mama kilikuwa uongo wangu. Alisema alishakisahau, lakini jikoni walikuwa bado wanakisema, nikaenda nikawaambia na wao. Wengine waliamini, wengine hawakuamini.

Na mama wa mayai tunasalimiana. Juzi kaongeza kuku, sasa anashusha trei nyingi zaidi. Nilimpongeza, na nilimaanisha, ila zilipoisha kushushwa nilikuwa nimeshazihesabu zote.