Krori Moja ya Pamba

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sioni sababu ya kuficha. Kama nimefanya kitu vizuri nakisema mwenyewe, kwa sababu wengine huchelewa. Kwa hiyo nitaeleza jinsi nilivyopanga mikato kwenye orodha ya kilo za pamba, asubuhi moja pale Bwera.

Nilikuwa karani wa takwimu katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Kasese. Wakulima wanaleta pamba yao kwenye maghala yetu, inapimwa, makarani wa maghala wananitumia kilo, na mimi naziweka kwenye jedwali moja la kompyuta. Maghala yalikuwa matano: Kasese mjini, Mubuku, Karusandara, Bwera, na kale ka Kahendero ambako watu wengi ni wavuvi na pamba yao ni ya kubahatisha.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa Uganda, akaondoka akiwa kijana, akarudi na mvi. Namba ndogo alizisoma kama sisi. Namba kubwa alizisoma kwa laki na krori, kama alivyofundishwa na baba yake. Laki ni elfu mia moja, hiyo hata sisi Waswahili tunaijua. Krori ni laki mia moja, yaani milioni kumi. Kwa watu wake mkato wa kwanza unakaa baada ya tarakimu tatu kutoka kulia, na kutoka hapo unakaa kila baada ya tarakimu mbili. Ile tunayoandika 3,684,200 wao wanaiandika 36,84,200, wanasoma laki thelathini na sita, elfu themanini na nne, mia mbili.

Wenzangu ofisini waliona huo ni usumbufu. Mimi niliupenda tangu siku ya kwanza. Mama yangu, aliyetoka Kenya na baba akiwa anafuata kazi ya mgodini, hajawahi kusema "mia mbili hamsini elfu". Anasema laki mbili na nusu. Mikato ya Kiingereza inamlazimu kusimama na kupiga hesabu kabla ya kusoma. Ya mzee inakaa palepale anapovuta pumzi.

Msimu uliotangulia nilikuwa nimempa mzee orodha yenye mikato ya kawaida. Alichukua kalamu nyekundu, kama kawaida yake, akaanza kuigawa upya kwa mkono, namba baada ya namba. Kwenye mstari wa Bwera kalamu ilimteleza, sifuri moja ikamezwa, laki saba na kitu ikawa elfu sabini na kitu. Akapeleka malori mawili pale palipohitaji kumi. Pamba ya Bwera ililala nje kwenye magunia, mvua ikainyeshea, na wakulima wakabeba lawama kwamba wanaleta pamba mbovu. Mmoja wa wakulima hao ni mama yangu. Baada ya baba kustaafu walinunua shamba huko, na sasa analilima peke yake.

Pamba ile iliyooza ndiyo ilimfanya mzee aseme ghala la Bwera huenda likafungwa. Angefunga, mama na wenzake wangelazimika kusomba magunia hadi Kasese kwa gari la kukodi, na kwa umri wake najua angeacha kulima kuliko kupanda juu ya magunia. Aliniambia hivyo kwa simu, bila kulia, na hilo ndilo liliniuma.

Mzee alipanga kwenda Bwera mwenyewe, aangalie ghala na orodha ya misimu mitano, aamue. Meneja wetu aliniambia, "Safari hii mpe kwa laki na krori. Hiyo kalamu nyekundu isitoke mfukoni."

Nilifanya jambo la uvivu, nalikiri. Niliingia kwenye mipangilio ya kompyuta yangu, pale pa nchi na lugha, nikachagua mtindo wa Kihindi wa kukata tarakimu. Mara moja jedwali lote likageuka. Nilijipongeza, nikanunua chapati, nikaweka faili kwenye flashi, na asubuhi iliyofuata nikaenda Bwera kulichapisha huko huko.

Mtunza ghala wa Bwera ni mwanaume mpole mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na mkato anauita virgule kama wenzake wa ng'ambo. Alifungua faili kwenye kompyuta yake, akaniangalia.

"Madame, ulisema virgule iko ya Kihindi. Hii iko ya siku zote."

Nikainama kwenye kioo. Ni kweli. Mikato yote ilikuwa imerudi kwenye elfu. Nilielewa papo hapo na masikio yakawaka moto: mtindo ule niliuweka kwenye kompyuta yangu, haukuwa ndani ya faili. Faili lilikuwa linasema tu "weka mikato", na kila kompyuta inaiweka kama inavyojua. Ningeweza kubadilisha na kompyuta ya Bwera, lakini mzee angelichukua faili lilelile akalifungue kwenye laptopu ya mwanawe, na ni nani alijua ile imepangwa vipi.

"Mzee anafika saa ngapi?" niliuliza.

"Saa ine. Tuko na saa moja." Akavuta kiti. "Usiogope. Mi nitatia virgule na mukono. Natanguliza ile apostrofe, machine inanyamaza."

Kabla sijamzuia alikuwa ameshafuta mstari wa Bwera, mstari wake mwenyewe, akaandika alama ndogo ya juu halafu kilo zake za misimu yote mitano, 36,84,200. Ikakaa vizuri, mikato mahali pake. Aliniangalia kama mtu anayesubiri ashukuriwe.

Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye jumla. Ilikuwa 11,946,500. Sasa ilikuwa 8,262,300.

Ile alama ndogo inaiambia kompyuta kwamba kinachofuata ni maandishi, si namba, na kompyuta haijumlishi maandishi. Bwera ilikuwa inaonekana kwenye orodha, inapendeza, lakini kwenye hesabu haikuwepo. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Kumbe nilijifunga mwenyewe," akasema.

Nilitaka kumkaripia, maana hasira zangu ziko karibu, lakini nilibaki nimeshika kipanya. Nilizisoma zile jumla mbili kwa mtindo wa mzee, kwa ulimi. Pamoja na Bwera: krori moja, laki kumi na tisa, elfu arobaini na sita, mia tano. Bila Bwera: laki themanini na mbili na kitu. Krori haipo. Kwa mikato ya elfu zote mbili ni milioni tu, moja kubwa, nyingine ndogo kiasi. Kwa mikato ya mzee, ukiiondoa Bwera tarakimu moja inatoka mbele na mkato mmoja unaondoka nayo.

Nilifuta maandishi yake, nikaandika 3684200 kavu, bila kitu chochote mbele. Jumla ikarudi. Halafu nikatoa daftari langu. Mwaka uliopita, baada ya mambo ya kalamu nyekundu, nilikuwa nimenakili mtandaoni kanuni ambayo unaiandika kwenye umbo la namba, ndani ya faili lenyewe, na sikuwahi kuitumia kwa sababu njia ya uvivu ilikuwepo. Niliiandika herufi kwa herufi, mtunza ghala akinisomea:

[>=10000000]##\,##\,##\,##0;[>=100000]##\,##\,##0;##,##0

Haitishi kama inavyoonekana. Inasema: namba ikifika krori, ikate hivi, ikifika laki, ikate hivi, iliyobaki, ikate kama kawaida, maana chini ya laki mitindo yote miwili inafanana. Namba yenyewe haiguswi, inavishwa nguo tu, na inaendelea kujumlishwa. Nilibonyeza. Mistari ikageuka mmoja mmoja, Bwera 36,84,200, Kasese 31,08,900, hadi Kahendero na kilo zake 97,450 ambazo hazikuhitaji kugeuka. Chini kabisa: 1,19,46,500.

Nilijisikia mrefu.

Mzee alifika saa nne na nusu na mwanawe. Alipewa karatasi bado ina joto la printa. Alivaa miwani, akaanza juu, na kidole chake kilishuka bila kusimama hata mahali pamoja. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, kwenye kalamu, nikiuangalia kama mtu anavyoangalia maziwa yanayotaka kuchemka.

Kidole kikasimama. Kwenye safu ya pembeni, ya tofauti ya msimu huu na uliopita, Karusandara ilikuwa imeshuka, na palikuwa pameandikwa -112,400.

"Hii moja nakataa kwa nini?" akauliza.

Ningeweza kusema printa. "Kanuni ina nafasi ya masharti mawili tu, mzee," nikamwambia. "Zote mbili nimezitumia kwa namba za juu. Iliyo chini ya sifuri inaangukia kwenye sehemu ya mwisho, inakatwa kwa elfu. Safu hiyo inahitaji kanuni yake, sikuwahi kuiandika. Ni laki moja, elfu kumi na mbili, mia nne, imepungua."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe nafanya hii yote?"

"Mimi, mzee." Mtunza ghala akakohoa. "Na huyu alinisomea," nikaongeza.

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Mwanawe akasema jambo kwa lugha yao, akionyesha paa la ghala lililotoboka, na nikajua ni habari ya kufunga. Sikungoja niulizwe.

"Mzee, tafadhali soma jumla."

"Krori moja, laki kumi na tisa," akasema.

"Sasa ondoa Bwera."

Nilitegemea angeomba kikokotoo. Hakuomba. Alifumba macho, midomo ikatembea kidogo, nikajua anatoa laki thelathini na sita kwenye laki mia moja kumi na tisa, kichwani, kwa hesabu ya baba yake. Alipofumbua alimwangalia mwanawe.

"Krori hapana fika," akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. Akakunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni, palepale penye kalamu. "Paa tengeneza. Malori kumi."

Mama yangu alikuwa nje, kwenye foleni ya mizani na magunia yake manne, kitambaa kichwani. Nilimwambia ghala linabaki. Akauliza ni nani kamshawishi yule mzee.

"Mimi," nikasema.

"Kwa maneno gani?"

"Kwa mikato, mama."

Alinitazama, akaona sitanii, akawageukia wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. "Huyu ni wangu," akawaambia, na akasukuma gunia lake la kwanza juu ya mizani.