Kichupa Kilichokuwa Kikilia Mfukoni

Mke wa Fundi Saa alikuwa na ugonjwa wa usafi. Dukani kwao kila skrubu ilikaa kwenye kikopo chake cha plastiki, na ole wako uguse. Kwa ndoa ya miaka thelathini na mbili, mumewe alishazoea kutafuta vitu vyake kwa adabu.

Mume ndiye aliyepewa vidonge vya moyo, vile vya kuweka chini ya ulimi, ndani ya kichupa cha kioo. Kila alipotembea, kichupa kililia mfukoni. Mke alikichukia kilio hicho. Kila hatua ya mumewe ilimkumbusha kwamba huenda akabaki mjane. Basi siku moja, bila kumwuliza mtu, alivimimina vidonge kwenye kikopo cha skrubu, akaweka na pamba visigongane, kichupa akakitupa. Miezi mitatu ikapita kwa amani.

Kisha asubuhi moja Fundi alikuwa ameinamia saa ya mteja, akajishika kifua kwa maumivu.

“Kaa hapo hapo, baba watoto,” mke alisema. “Usisimame.”

Akamwekea kidonge chini ya ulimi. Asikimeze, kiyeyuke chenyewe. Hilo walifundishwa wote wawili. Kisha akatazama ukutani, ambako saa kumi na nne zilisema nyakati kumi na nne. Akaifuata ile ya mkononi mwake.

Dakika tano zikaisha. Jasho lilikuwa likimtoka mumewe, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito.

“Maumivu yanapungua?”

“Bado. Lakini ngoja kidogo, mwenye saa anakuja saa nne.”

“Mwenye saa na asubiri!”

Akapiga simu ya dharura. Wakamwambia ampe kidonge cha pili, asimtembeze, aache mlango wazi. Cha pili nacho kikayeyuka bure.

Wauguzi walipofika na gari la wagonjwa, walimpulizia dawa yao chini ya ulimi na kumfunga nyaya kifuani. Mmoja, mama wa makamo, aliomba kuona vidonge. Akakifungua kikopo, akaichomoa pamba, akatikisa kichwa.

“Hivi havina nguvu tena. Plastiki na pamba huinyonya dawa. Hukaa kwenye kichupa chake cha kioo, kifuniko kimekazwa, mbali na joto. Na ukishakifungua, baada ya wiki nane unachukua kipya. Nani alivihamisha?”

Mke alikikodolea macho kikopo mkononi mwa muuguzi.

Fundi akasogeza barakoa ya hewa kwa kidole.

“Mimi,” alisema. “Kelele zilinikera.”

Muuguzi akamkemea kama mtoto, naye akakubali kosa kwa kichwa. Mke akapanda garini nyuma yake. Akamshika ule mkono mzito, akalia kwa sauti mbele za watu.

“Muuguzi,” alisema, “ananisitiri. Ni mimi.”