Ndama Wangu Alipozaa Mkutanoni

Kitongojini kwetu, juu kidogo ya Lushoto, kuna malisho ya pamoja. Ni mteremko mmoja uliobaki kati ya mashamba ya kabichi na msitu wa serikali, na chini yake inabubujika chemchemi. Hakuna anayejua nani aliuacha bila kuulima. Sisi tulikuta ng'ombe wanakula pale, nasi tukapeleka wetu. Nyumba ishirini zinategemea malisho hayo, na mojawapo ni ya mama yangu.

Mama ana ng'ombe mmoja mwekundu mwenye tabia ya kumtazama mtu kama anamdai maelezo. Maziwa yake ndiyo chai ya mama, ndiyo uji wa wajukuu, na ndiyo sababu majirani wanapita asubuhi na vikombe huku wakisema wamekuja kusalimia tu. Niliporudi nyumbani baada ya mkataba wangu wa kufundisha mjini kwisha, nilikuta jagi la maziwa limekuwa kikombe.

"Nyasi hazipo," mama alisema. "Nenda kaone mwenyewe."

Nilikwenda. Mteremko ulikuwa umenyolewa. Mahali penye njia za ng'ombe udongo mwekundu ulikuwa wazi, na mvua ilikuwa imeanza kuchora mifereji kuelekea chemchemini. Mama alinieleza habari iliyobaki akiwa anachagua maharage, bila kuinua kichwa. Watu walikuwa wameanza kusema malisho yafungwe, au yagawanywe watu walime viazi. Yakifungwa, ng'ombe atalazimika kukatiwa majani na kuletewa bandani. Magoti ya mama hayapandi tena milima na mzigo kichwani.

"Wakifunga, nitamuuza," alisema. "Siwezi kumtazama anakonda."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, maana jambo hili nililisoma. Ni kweli nililisoma. Chuoni linaitwa janga la mali ya pamoja, na niliwahi kuliandikia mtihani nikapata alama nzuri sana. Hesabu yake ni rahisi. Ukiongeza ng'ombe mmoja kwenye malisho ya watu ishirini, maziwa yote ni yako, lakini nyasi anazomaliza ni hasara ya nyumba zote ishirini, na wewe unabeba kipande kimoja tu. Kwa hiyo kuongeza kunakulipa. Ubaya ni kwamba kunamlipa na jirani, na jirani wa jirani. Hakuna mtu mbaya hapo. Kila mmoja anafanya jambo la akili, na wote kwa pamoja wanabaki na udongo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ndilo walikufundisha miaka yote ile?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi tunalijua. Kazi ni kuzuia."

Basi tukaitisha mkutano. Mwenyekiti wa kitongoji chetu ni mama mmoja mkulima wa karoti, mfupi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde bila kuchoka. Alisema kila nyumba ipeleke ng'ombe mmoja tu malishoni. Wote wakakubali. Kwa kuwa mimi ndiye msomi, nikapewa kalamu niandike sheria. Niliandika kwa mwandiko mzuri: "Kila nyumba itachunga ng'ombe mmoja. Ndama hatahesabiwa." Kifungu cha pili kilikuwa huruma yangu mwenyewe, kwa sababu ndama ananyonya na hawezi kuachwa mbali na mama yake. Niliona nimeandika kitu cha haki na upole. Sikuandika ndama anaacha kuwa ndama lini.

Mwezi haukuisha kabla kitongoji hakijajaa ndama. Ndama wenye pembe. Ndama wanaoburuta mtu na kamba. Jirani yetu wa chini, fundi cherehani, alikuwa na ndama dume mwenye shingo nene kama gogo la mkaratusi, na ukimuuliza alikujibu kwa utulivu, huku uzi ukiwa mdomoni, "Bado mtoto huyu. Anadeka."

Na mimi? Mimi nilikwenda mnadani Mgwashi nikanunua mtamba, jike kijana ambaye hajazaa. Nilimwona, nikampenda, nikafanya ile hesabu ya mtihani kichwani, na safari hii nikaifanya nikiwa upande wa mwenye ng'ombe. Niliona kila mtu ameshaongeza. Nikijizuia mimi, nyasi nitakazoziacha zitaliwa na yule mtoto anayedeka wa fundi. Kwa hiyo nikamleta nyumbani, na nilipoulizwa, nikasema ni ndama. Nadhani mimi ndiye mtu pekee kitongojini aliyevunja sheria huku akijua jina la kitaalamu la kosa lake.

Mama alimtazama mtamba, akanitazama mimi, akarudi ndani.

Mwaka ukapita. Malisho yakawa mabaya kuliko kabla ya sheria, maana sasa watu hawakuongeza tu, bali waliongeza kwa kujificha, na mtu anayejificha hawezi kumkemea mwenzake. Kikombe cha mama kikawa nusu kikombe. Majirani wakaacha kuja kusalimia. Mwishowe, katikati ya kipupwe, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye paa, mwenyekiti akatangaza mkutano malishoni. Kila mtu aje na mifugo yake yote. Kama hatutaelewana siku hiyo, mteremko unagawanywa ulimwe.

Mama alivaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu, akamswaga ng'ombe wake mwekundu mwenyewe. Nilitaka kumshika mkono, akanipa kamba ya mtamba wangu. "Mshike huyu mtoto wako," alisema.

Mwenyekiti alianza kupita mmoja mmoja.

"Huyu?"

"Ndama, mwenyekiti."

"Ana pembe."

"Amezirithi."

Watu wakacheka. Akafika kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu naye ndama?"

"Ndama kabisa. Tatizo anakula vizuri."

"Tunaona anavyokula! Tumesimama juu ya udongo kwa sababu anakula vizuri!"

Kisha akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Lakini mtamba wangu alikuwa hatulii tangu tufike. Alikuwa anazunguka, analala, anaamka, anageuka kutazama ubavu wake. Nilidhani ni baridi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeona tumbo lake linakua, na nilikuwa nimejisifia kimoyomoyo kwa namna ninavyojua kufuga.

"Na huyu, profesa?" Sijawahi kuwa profesa, lakini hawaniiti vinginevyo.

"Ndama," nilisema.

Yule ndama akalala chini, akakaza mwili, na miguu miwili midogo ya mbele ikatokea nyuma yake.

Mwenyekiti akasema, kwa ile sauti inayofika ng'ambo ya bonde, "Jamani! Ndama wa profesa anazaa ndama!"

Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Wengine walikaa chini kwenye umande. Mwanamke mmoja aliyebeba kapu la kabichi alilitua ili ashike mbavu. Fundi alicheka mpaka machozi, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amegeuka kumtazama yeye na dume lake.

"Na baba yake ni nani?" aliuliza. "Malisho yote haya, dume ni mmoja tu mwenye ukubwa huo. Ndama wa fundi amempa mimba ndama wa profesa. Watoto wa siku hizi!"

Hapo hata msitu ulitikisika kwa vicheko.

Mama ndiye pekee aliyekumbuka kazi. Alipiga magoti yale yale yasiyopanda mlima, akaniambia, "Usivute. Ngoja asukume mwenyewe. Sasa, taratibu, kuelekea chini." Pua ikatokea, kisha kichwa, kisha mwili wote ukateleza mikononi mwangu, wa moto, unafuka mvuke katika ukungu. Jike, mwekundu. Mama alimfuta pua kwa upindo wa kanga.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tangu masika. Nilikuwa nangoja msomi aniambie."

Nilisimama na koti limelowa damu na ute. Nilikuwa sina tena la kuficha. Nikasema mbele ya wote kwamba sheria niliiandika mimi, tundu niliacha mimi, na nilipita ndani yake mimi. Fundi akavua kofia akasema, "Basi na wangu si mtoto. Ana miaka mitatu." Mwingine akataja wake, na mwingine. Kule kuogopana kwa mwaka mzima kulikuwa kumeondoka na vicheko, na sasa kila mtu aliweza kumwona mwenzake akitoa mfugo wake.

Sheria mpya haikuandikwa na mimi. Mwenyekiti aliitamka, watu wakairekebisha hapo hapo. Anayenyonya ni ndama; asiyenyonya ni ng'ombe, na nyumba ina ng'ombe mmoja. Mteremko ugawanywe vipande vitatu, kimoja kiliwe, viwili vipumzike. Nyumba mbili kwa zamu zikague kila wiki, ili mkaguzi wa leo awe mkaguliwa wa kesho. Atakayezidisha, mara ya kwanza atapanda gwatemala, yale majani marefu yanayoshika udongo, kwenye ile mifereji ya mmomonyoko siku nzima. Mara ya pili, ng'ombe wake akae bandani wiki nzima. Mara ya tatu, aje ajieleze mbele ya mkutano. Na wasio wa kitongoji chetu hawana nafasi pale.

Wale wa vyuoni walionifundisha walinipa njia mbili: serikali ichukue, au kila mtu akatiwe kipande chake. Ya tatu niliikuta kwenye umande, na ilipitishwa kwa kunyoosha mikono.

Wa kwanza kupanda gwatemala nilikuwa mimi, na wa pili fundi. Tulipanda siku nzima bega kwa bega, tukiitana mkwe.

Mtamba wangu, sasa mama, yuko bandani na binti yake nyuma ya nyumba, na majani yake nayakata mimi. Kila asubuhi nashuka matutani na mundu, napanda na mzigo kichwani, natua, nashuka tena. Wakati alipokula malishoni sikuwahi kujiuliza anakula kiasi gani. Sasa najua, kwa shingo. Hasara yote iko juu ya kichwa changu, haina wa kugawana naye, na wazo la kuongeza ng'ombe mwingine halijanipitia tena akilini.

Mvua za vuli zilipokuja, vile vipande viwili vilivyopumzika vikafunika udongo. Masika yalipoisha, ng'ombe mwekundu wa mama alikuwa anatembea ndani ya nyasi zinazomfika magotini, akitutazama kama anayesubiri tuombe radhi. Jagi limerudi mezani.

Jana asubuhi nilikuwa najitua mzigo nikasikia hodi. Alikuwa fundi, na kikombe mkononi.

"Nimekuja kusalimia tu, mkwe," alisema.

"Karibu," mama akajibu kutoka jikoni. "Leta hicho kikombe."