Komiti Tatu Kwenye Main

Ofisi yetu iko Kona ya Musa, juu ya duka la simu, na tunatengeneza mfumo wa kuwekea nafasi safari za kisiwa cha Funzi. Kiongozi wetu ameweka sharti: hakuna kinachoingia main, tawi kuu la kazi yetu, bila kukaguliwa. Ijumaa moja nilifungua tawi langu, nakala ya pembeni ya kufanyia kazi, kisha nikaenda kuswali. Niliporudi niliandika alasiri nzima, nikahifadhi komiti tatu, yaani mafungu matatu ya mabadiliko, nikazisukuma kwenda kwenye seva. Seva ikakataa, ati niko main.

Main? Mimi? Nilitamani kuitupa ile kompyuta dirishani. Nikaunda tawi jipya papo hapo ili libaki na komiti zangu, nikairudisha main ya mashine yangu ilingane na ile ya seva, nikahamia tawi jipya, nikalisukuma, nikaomba ukaguzi na kueleza yaliyonipata.

Kiongozi akajibu: "Kazi nzuri, ila siku nyingine angalia uko tawi gani."

Nikamwuliza jirani yangu wa meza ni nani aliyeigusa mashine yangu.

"Ni kiongozi mwenyewe," akasema. "Ulipokuwa msikitini alikuja na mgeni wa hoteli, akamfungulia main kwenye mashine yako auone mfumo."